Lima na Salvador: latitudo moja, pwani zote mbili, kwa nini moja ni jangwa na nyingine inalowa?

#1 JichoLaRamani

Wakuu, kuna jambo limenikalia kichwani wiki nzima, naomba wenye ujuzi wa bahari wanisaidie.

Nilikuwa nalinganisha majedwali ya hali ya hewa ya miji miwili ya Amerika ya Kusini. Lima, Peru, iko latitudo 12 na dakika 3 kusini. Salvador, Brazili, iko 12 na dakika 58 kusini. Tofauti yake kwenda kusini haifiki hata nyuzi moja, yaani kama kilomita 100 tu. Yote ni miji ya pwani, na jua linapita juu ya vichwa vyao karibu sawasawa.

Sasa angalieni. Lima haipati hata milimita 20 za mvua kwa mwaka. Salvador inapata karibu milimita 2,000. Mwezi wa nane Lima ina wastani wa nyuzi joto 16 hadi 17, wakati Salvador iko kwenye 24. Tena Salvador ndiyo iliyo mbali zaidi na ikweta, kwa hiyo ukifuata hesabu ya jua peke yake ilitakiwa iwe na ubaridi kidogo kuliko Lima.

Najua jibu fupi ni "mikondo ya bahari", nimelisoma tangu shuleni. Ninachotaka ni kujua inafanyaje kazi. Maji yako baharini, mvua iko angani. Maji baridi yanaizuiaje mvua isinyeshe? Na bahari si ipo hapo hapo, mvuke si unatoka?

#2 Tulivu

Mkuu, Lima si iko milimani? Peru ni nchi ya milima ya Andes, ndiyo maana kuna baridi. Ukipanda juu joto linapungua, hilo liko wazi.

#3 JichoLaRamani

@Tulivu hapana ndugu yangu. Unafikiria Cusco, hiyo ndiyo iko juu. Katikati ya Lima ni kama mita 150 tu juu ya usawa wa bahari, na Callao, bandari yake, iko ufukweni kabisa na hali ya hewa ni ile ile. Mita 150 hazikupunguzii hata nyuzi mbili.

#4 KusiNaKaskazi

Hii rahisi. Pwani ya Peru inapitiwa na mkondo wa Humboldt, unaotoka upande wa Antaktika ukielekea ikweta. Unabeba maji ya baridi ya kule kusini. Pwani ya Brazili inapitiwa na mkondo wa Brazili, unatoka ikweta kwenda kusini, unabeba maji ya moto. Humboldt mwenyewe alipima maji ya pale mwaka 1802 akashangaa yalivyo baridi kuliko hewa, akasema ubaridi huo umeletwa kutoka kusini.

Kanuni ya kukumbuka: pwani ya magharibi ya bara maji baridi na ukame, pwani ya mashariki maji moto na mvua. Popote duniani.

#5 BahariaHamsini

Salaam kwenu vijana. Mimi nimefanya kazi ya injini melini miaka mingi, na hiyo pwani nimeipita mara kadhaa. Kwenye chumba cha injini tuna kipimajoto cha maji ya bahari yanayoingia kupoza mitambo, na kila zamu tunaandika kilichosoma.

Tukitoka Guayaquil kwenda Callao, mwanzo kinasoma 25 au 26. Ukikaribia Cabo Blanco, kwenye latitudo 4 hivi, kinaanza kushuka, na ndani ya zamu moja mbili unakuta 20, kisha kinaendelea kushuka. Mara ya kwanza nilidhani kipimajoto kimeharibika, nikakibadilisha. Juu huko sitahani wenzangu wanavaa makoti, na ukungu umetanda hadi honi inapigwa.

Lakini @KusiNaKaskazi, kuna kitu sijawahi kukielewa katika maelezo yako. Tukiendelea kusini baada ya Callao, maji yalikuwa baridi zaidi karibu na San Juan, latitudo 15. Tukiendelea tena hadi Arica, latitudo 18, kipimajoto kilipanda. Kama ubaridi unatoka Antaktika, mbona nikiufuata uliko yanakuwa moto?

#6 MpimaMaji

Shikamoo mzee @BahariaHamsini. Daftari lako la zamu limegusa penyewe. Mimi kazi yangu ni takwimu za bahari, naomba nijibu kwa urefu kidogo.

Alichosema @KusiNaKaskazi ni nusu ya jibu. Mkondo wa Humboldt upo, unaelekea ikweta, na unachangia. Lakini maji yanayosafiri juu ya bahari kutoka Chile ya kusini hadi latitudo 12 yanachukua miezi, na njia nzima yanapigwa na jua. Yangefika Lima yameshapashwa sana. Kama ubaridi wote ungekuwa wa kuletwa, basi tungeona mambo mawili: maji yangepata joto polepole kila unaposogea kaskazini, na sehemu ya baridi zaidi isingekuwa ukanda mwembamba uliobana ufukwe.

Tunachokiona ni kinyume. Mzee ameshatueleza la kwanza: San Juan ni baridi kuliko Arica iliyo kusini yake. La pili, ukichukua ramani ya satelaiti ya mwezi wa nane na kutoka Callao moja kwa moja kuelekea magharibi, bila kubadili latitudo, unaanza na nyuzi 16 hivi ufukweni, kisha kadiri unavyokwenda bahari kuu joto linapanda nyuzi mbili, tatu, hata nne. Baridi kali iko kwenye ukanda wa makumi ya kilomita tu kando ya nchi kavu.

Maana yake ni kwamba ubaridi mwingi hautoki kusini. Unatoka chini.

#7 JichoLaRamani

Unatoka chini kivipi tena? Maji ya baridi ni mazito, yanatakiwa yakae huko huko chini. Nani anayapandisha?

#8 MpimaMaji

Upepo, ukisaidiwa na mzunguko wa dunia.

Pwani ya Peru ina upepo unaovuma karibu mwaka mzima kutoka kusini, sambamba na ufukwe. Sasa mtu akiambiwa upepo unavuma kwenda kaskazini, anadhani maji nayo yanasukumwa kaskazini. Hayaendi hivyo. Fridtjof Nansen, meli yake ilipokuwa imeganda kwenye barafu ya Aktiki kati ya mwaka 1893 na 1896, aliona barafu haifuati upepo sawasawa, inapotoka kwenda kulia. Akalipeleka suala hilo kwa kijana Msweden aitwaye Vagn Walfrid Ekman, na mwaka 1905 Ekman akachapisha hesabu zake: kwa sababu dunia inazunguka, ukijumlisha tabaka lote la juu linalosukumwa na upepo, maji yanakwenda pembe mraba na upepo. Kizio cha kaskazini yanakwenda kulia kwake, kizio cha kusini kushoto.

Simama sasa Callao, upepo ukikupiga mgongoni, uso kaskazini. Mkono wako wa kushoto uko wapi? Magharibi, bahari kuu. Kwa hiyo tabaka la juu, lile lililopashwa na jua, linaondolewa ufukweni na kupelekwa mbali. Haliwezi kuacha shimo, na upande wa kulia ni nchi kavu, hakuna maji ya kuja kuziba. Njia iliyobaki ni chini tu. Maji ya kina cha kama mita 50 hadi 150 yanaibuka kuchukua nafasi. Yanaibuka taratibu sana, mita chache kwa siku, lakini hayakomi.

Ndiyo maana San Juan ni baridi hivyo: hapo upepo ni mkali na umenyooka na pwani. Arica pwani inajipinda kama kiwiko, upepo unadhoofika, maji ya chini hayaibuki kwa nguvu ile. Kipimajoto cha mzee hakikuwa na kosa.

#9 BahariaHamsini

Ahsante mwanangu. Miaka yote hiyo nilikuwa naandika namba bila kujua ninachokiandika. Na harufu ya bahari ya pale pia ni tofauti, na ndege wa baharini ni wengi hadi wanafunika mawe.

#10 MpimaMaji

@BahariaHamsini hiyo ni alama ya jambo lile lile. Maji ya chini yanapanda na chumvi za virutubisho zilizozama kwa muda mrefu, mimea midogo ya baharini inachanua, dagaa wa pale wanaoitwa anchoveta wanaila, na ndege wanawala dagaa. Ukiona maji baridi, ya rangi ya kijani, yenye samaki tele karibu na ufukwe wa jangwa, unajua maji ya kina yanaibuka hapo.

#11 JichoLaRamani

Sawa, maji baridi nimeyaelewa. Bado swali langu kubwa: mvua. Nimesoma unyevu wa hewa wa Lima unazidi asilimia 80, na majira ya baridi anga linafunikwa na mawingu miezi kadhaa. Mawingu yapo, unyevu upo, bahari ipo. Mvua imekwenda wapi?

#12 KusiNaKaskazi

Maji baridi hayatoi mvuke wa kutosha. Hilo ndilo jibu.

#13 MpimaMaji

@KusiNaKaskazi, ni kweli kwa sehemu. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 17 ikishiba kabisa inabeba gramu 14 na nusu hivi za mvuke. Hewa ya nyuzi 27, kama ya Salvador wakati wa joto, inabeba karibu gramu 26. Lima inaanza na mzigo pungufu. Lakini gramu 14 zingetosha kabisa kunyesha. Miji mingi yenye hewa ya nyuzi 10 inalowa mwaka mzima. Kinachokosekana Lima ni kupanda.

Mvua inahitaji hewa ipande juu sana, ipoe, mvuke ugande kuwa matone, na wingu liwe nene kiasi cha matone kugongana na kukua. Hewa hupanda yenyewe ikiwa ni ya moto kuliko ile inayoizunguka. Sasa tuifuate hewa moja tu kutoka ufukweni Callao asubuhi ya mwezi wa nane, kwa namba za mfano.

Inaanza na nyuzi 15 na unyevu mwingi. Tuseme imesukumwa juu. Kwa kila mita 100 inapoteza takriban nyuzi moja. Ikifika mita 250 ina nyuzi 12 na nusu, imeshiba, wingu linaanza. Kuanzia hapo inapoa polepole zaidi, kwa sababu mvuke unaoganda unatoa joto. Ikifika mita 700 ina nyuzi 10 hivi. Je, juu yake kuna nini? Hewa kavu ya nyuzi 18.

Hapo ndipo safari inapoishia. Hewa ya nyuzi 10 ni nzito kuliko ya nyuzi 18, haiwezi kuipenya. Ni kama sufuria iliyofunikwa: mvuke wote umebanwa chini ya kifuniko. Wingu linatanda kama blanketi lenye unene wa mita mia nne au tano, na unene huo hautoshi kutengeneza tone la mvua. Unapata manyunyu tu, watu wa kule wanayaita garúa, yanalowesha barabara na kukauka. Ndiyo maana unyevu ni mkubwa na mvua hakuna.

Vilima vinavyofikia kimo cha wingu hilo hulowa, na vinakuwa vya kijani kila majira ya baridi katikati ya jangwa. Lachay, kaskazini ya Lima, ni mfano mzuri. Unaweza kuona kwa macho kifuniko kinaanzia wapi: chini ni mchanga, katikati kijani, juu ya hapo tena ukavu.

#14 Tulivu

Nimefuatilia kimya kimya. Hiyo hewa ya nyuzi 18 juu ya baridi inatoka wapi? Si ulisema tukipanda joto linapungua?

#15 MpimaMaji

@Tulivu swali zuri sana, na jibu lake linanilazimisha kurekebisha kichwa cha uzi kidogo.

Latitudo hizo, upande wa mashariki wa bahari kuu, kuna eneo kubwa la kanieneo kuu ambako hewa inashuka kutoka juu. Hewa ikishuka inagandamizwa na kupata joto, na inakuwa kavu. Kwa hiyo juu ya Lima kuna hewa inayoshuka ikiwa ya moto, na chini yake kuna hewa iliyopozwa na maji. Zikikutana, kifuniko kinajengwa. Ukuta wa Andes nao unazuia unyevu wa Amazoni usivuke.

Ndiyo kusema mkondo na maji yanayoibuka havijafanya jangwa lile peke yake. Hata ungepasha maji ya pale moto kidogo, hewa inayoshuka ingebaki. Maji baridi yanakikaza kifuniko na kukishusha chini. Pia mambo haya yanalishana: mawingu yale mapana yanarudisha mwanga wa jua, bahari inabaki baridi, na bahari baridi inatunza mawingu.

Salvador hali ni nyingine. Upepo unatoka bahari kuu kuja pwani, umesafiri juu ya maji ya nyuzi 25 hadi 28. Maji moto ya Atlantiki yamesukumwa na upepo hadi yakarundikana upande ule, tabaka la moto ni nene, kwa hiyo hata upepo ukivuruga bahari, kinachopanda ni maji moto vilevile. Hewa ikiguswa kidogo tu, na kijilima au na nchi kavu, inapanda bila kizuizi cha karibu. Jambo ambalo wengi hawalijui: mkondo wa Brazili wenyewe kwenye latitudo hiyo ni dhaifu, ndio kwanza unaanza, kwa sababu mkondo wa ikweta unagawanyika karibu na hapo. Kasi ya mkondo si kitu pale. Joto na unene wa tabaka ndivyo vinavyofanya kazi.

#16 DiraMoja

Naomba niingilie. Kama kweli maji baridi yana mchango mkubwa, kuna namna ya kulithibitisha? Mbali na kueleza, kuna siku maji baridi yaliondoka tukaona nini kinatokea?

#17 MpimaMaji

Yaliondoka. Mwanzoni mwa mwaka 2017 upepo ulidhoofika mbele ya pwani ya Peru, na maji ya moto yakaingia kutoka kaskazini. Bahari ya kaskazini mwa Peru ilipita nyuzi 26, na pwani ya Piura, ambayo kawaida ni kame, ikanyeshewa mvua kubwa mfululizo. Tarehe 27 Machi mto Piura ulifurika ukaingia mjini. Ilikuwa El Niño ya pwani tu, bahari ya katikati ya Pasifiki ilikuwa ya kawaida.

Lakini tazama Lima kwenyewe. Lima haikupata mvua kama ya Piura. Mafuriko na tope vilishuka kutoka mabonde ya milimani, mto Rímac ukajaa tope hadi huduma ya maji ikakatika kwa siku kadhaa, huku anga la mjini likiwa halijanyesha cha maana. Ninavyosoma mimi, Piura iko latitudo 5, hewa inayoshuka ni dhaifu, kwa hiyo kifuniko kiliondoka mara tu maji yalipopata joto. Lima kifuniko kina mihimili miwili, na ulivunjika mmoja tu.

#18 KusiNaKaskazi

Nakubali kuhusu maji kuibuka, nilikuwa nimeacha nusu. Ila kanuni yangu ya magharibi baridi na mashariki moto bado ipo?

#19 MpimaMaji

Ipo mara nyingi, lakini usiseme popote. Pwani ya Somalia ni ya mashariki ya bara. Kusi inapovuma kwa nguvu, kati ya mwezi wa sita na wa tisa, upepo unakwenda sambamba na pwani kuelekea kaskazini-mashariki. Kule ni kizio cha kaskazini, kwa hiyo maji yanasukumwa kulia, yaani bahari kuu, na ya chini yanaibuka. Karibu na Ras Hafun joto la maji hushuka wakati mwingine chini ya nyuzi 20, wakati miezi mingine ni bahari ya moto. Uliza kwanza upepo unavuma vipi dhidi ya ufukwe na uko kizio kipi, ndipo utaje upande wa bara.

#20 DiraMoja

Na Ulaya je? Tumefundishwa kwamba bila mkondo wa Ghuba, London ingekuwa kama Labrador, maana ziko latitudo karibu moja. Hilo nalo lina marekebisho?

#21 MpimaMaji

Hilo watu wanabishana kweli kweli. Mwaka 2002 Richard Seager na wenzake walitoa hoja kwamba sehemu kubwa ya tofauti ya baridi kati ya pande mbili za Atlantiki inatokana na upepo: Ulaya inapokea upepo uliopita baharini, Labrador inapokea ulioganda juu ya bara, na Milima ya Rocky inaupinda upepo huo. Kwao bahari inahifadhi joto la kiangazi na kulitoa majira ya baridi, mkondo ukiwepo au usiwepo. Wengine wanajibu kwamba hoja hiyo inapunguza mno kazi ya mkondo, hasa kule juu Norway, ambako bandari hazigandi. Mimi naegemea kwamba kwa London upepo ndio mkuu, na kwa pwani ya kaskazini mwa Norway huwezi kuueleza ukweli bila joto linaloletwa na maji. Lakini kugawa asilimia ngapi ni za nani, sijaona hesabu iliyowanyamazisha wote.

#22 DiraMoja

Mimi siegemei huko. Kama upepo unachukua joto baharini, joto hilo lazima lijazwe na kitu, na kitu hicho ni mkondo. Huwezi kuvitenganisha. Tutarudi kwenye hili kwa uzi wake.

#23 JichoLaRamani

Nimefanya alichosema @MpimaMaji. Nimefungua ramani ya joto la bahari ya mwezi wa nane, nikatoka Callao kwenda magharibi kwenye latitudo 12. Ufukweni 16, kisha 17, kisha 18, na mbali huko 19 na kidogo. Halafu nikatoka Salvador kwenda mashariki kwenye latitudo 13: ufukweni 25, na mbali huko karibu ile ile, haibadiliki.

Kuna kimoja hakijakaa sawa. Mwezi wa pili Lima ina jua, mawingu yanapungua, joto linafika 23 au 24, lakini mvua bado hakuna. Kifuniko wakati huo kiko wapi?

#24 MpimaMaji

Kipo bado, kimelegea na kwa kawaida kiko chini zaidi, ndiyo maana wingu linakuwa jembamba na jua linalitafuna mapema. Nchi kavu inapata joto mchana, lakini hewa ya baharini inaingia na kulipunguza. Nitafute vipimo vya puto vya mwezi wa pili na wa nane niviweke kwenye grafu moja, uone tofauti ya kimo. Nipe hadi kesho kutwa.

#25 BahariaHamsini

Nami nitafukua madaftari yangu. Safari mbili zilikuwa mwezi wa pili, na nakumbuka San Juan ilisoma baridi hata wakati huo. Nitaandika namba hapa nikizipata.